Barua ya pili: nilivyoomba benki inipangie upya mkopo baada ya kupunguzwa kazi

Barua yangu ya kwanza kwa benki ilirudishwa mezani mbele ya macho yangu. Ilikuwa Julai 2023, Arusha, baridi imekaza. Afisa mikopo aliisoma yote mpaka mwisho, akaikunja taratibu, akavuta kikokotoo. Alibonyeza namba mara tatu nne, kisha akakigeuza upande wangu nisome mwenyewe: 106,068.

"Dada, hii ndiyo riba ya mwezi mmoja kwa salio lako," akaniambia. "Wewe umeandika utalipa laki moja. Ukilipa laki moja kila mwezi, deni linaongezeka shilingi elfu sita kila mwezi. Nikiipeleka hii juu, wataniuliza mimi nilikuwa nasoma nini."

Nilikaa kimya. Mimi ni mhasibu. Miaka sita na miezi saba nilifunga vitabu vya kampuni ya utalii, nikapatanisha hesabu za benki kila mwisho wa mwezi, na hesabu hiyo ya mistari miwili sikuifanya kwa deni langu mwenyewe. Niliandika barua nikiwa na hofu, na mwenye hofu huandika shida zake tu. Ilikuwa na kurasa mbili za maelezo ya jinsi nilivyopunguzwa kazi, watoto wawili, mama mzee kijijini, na mwishoni sentensi moja: "Hivyo naomba nilipe shilingi laki moja kila mwezi mpaka hali yangu itakapokuwa nzuri." Haikusema hiyo laki moja inatoka wapi, wala "hali nzuri" ni lini.

Nayaandika haya kwa sababu tangu hapo watu wanne wameniomba niwaonyeshe barua ya pili, ile iliyokubaliwa. Wote walikuwa na mkopo wa mshahara, na wote waliachishwa kazi kabla haujaisha.

Mkopo wangu ulikuwa wa shilingi milioni 12, wa miezi 48, riba asilimia 17 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Rejesho lilikuwa Sh 346,261 kwa mwezi. Mshahara wangu ulikuwa Sh 900,000, ukiingia tarehe 25, na benki ikikata tarehe 28. Nilianza kulipa Agosti 2021. Machi 2023 kampuni ilipunguza wafanyakazi, nami nikawamo. Siwalaumu kwa utaratibu. Walitupa taarifa, wakakaa nasi, wakalipa. Nilipata mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Miaka yangu iliyotimia ni 6, kwa hiyo siku 42, ambazo ni Sh 1,453,846 kabla ya makato.

Fedha hizo ziliingia kwenye akaunti ileile ya mshahara. Aprili benki ikakata rejesho lake, Mei ikakata tena. Mimi nikalipa ada ya watoto na kununua vyakula vya akiba, na nyingine zikaenda kwa mama aliyekuwa anaumwa. Tarehe 28 Juni akaunti haikuwa na kitu. Hapo ndipo simu zilipoanza.

Jirani yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwa watu wa kausha damu. Wangenipa Sh 350,000 siku hiyohiyo na baada ya mwezi nirudishe 450,000. Nilikaribia kusaini. Kilichonizuia ni kwamba niliuliza moyoni: na rejesho la Julai je? Kukopa mahali ili kulipia mahali pengine kuna maana kama kuna fedha inayojulikana iko njiani. Mimi sikuwa na fedha njiani. Nikarudi nyumbani, nikaandika ile barua ya kwanza.

Baada ya kunionyesha kikokotoo, yule afisa hakunifukuza. Alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye mkopo wa mshahara alijue. Benki ilinikopesha kwa sababu mwajiri wangu alikubali kupitisha mshahara kwao. Siku ajira ilipokoma, ile ahadi ya mwajiri ilikoma nayo, na mbele yao nikawa mtu mwingine kabisa, asiyejulikana atalipa kwa kitu gani. Barua ya kuomba mkopo upangwe upya inapaswa kujibu swali hilo kabla ya jingine lolote. Huruma wanaweza kuwa nayo, lakini anayeidhinisha anakaa makao makuu, haoni uso wako. Anaona karatasi.

Akanipa na tarehe. Deni likipita siku 90 bila kulipwa, benki inalihesabu kuwa mkopo chechefu, na linasomeka hivyo kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji ambako kila benki inachungulia. Kwangu mimi, kuanzia 28 Juni, siku hizo zilikuwa zinaishia 26 Septemba. "Kabla ya hapo mimi bado nina nafasi ya kukutetea," alisema. "Ukishavuka, faili linaondoka mezani kwangu linakwenda kwa wafuatiliaji wa madeni."

Jambo la mwisho aliloniuliza ni kama nimesoma cheti cha bima ya mkopo. Sikuwa nimekisoma tangu siku niliyosaini. Niliporudi nyumbani nikakitafuta. Changu kilifidia kifo na ulemavu wa kudumu peke yake. Mwenzangu tuliyepunguzwa naye, aliyekopa benki nyingine, cha kwake kilikuwa na kipengele cha kupunguzwa kazi, na bima ikamlipia marejesho kadhaa. Lakini alitakiwa kutoa taarifa ndani ya siku zilizoandikwa humo. Kama umepoteza kazi wiki hii, anza na karatasi hiyo.

Nilichukua wiki tatu kujiandaa kwa barua ya pili. Sehemu ngumu haikuwa kuandika. Ngumu ilikuwa kujua kipato changu kipya ni kiasi gani hasa.

Tangu Mei nilikuwa nawaandikia vitabu wenye maduka wanne wa jirani na soko la Kilombero: mauzo, manunuzi, risiti za mashine ya EFD, na kuwatayarishia makadirio ya kodi. Kila mmoja alinilipa anavyoweza, na si wote walilipa kila mwezi. Nikachapisha taarifa ya miamala ya M-Pesa, nikaweka daftari langu pembeni, nikapiga mstari chini ya kila malipo yaliyotoka kwao. Mei nilipata Sh 240,000. Juni 310,000. Julai 180,000. Wastani wake unazidi 243,000, na mkono wangu wa kihasibu ulitaka kuandika wastani.

Niliuacha. Wastani ni namba nzuri ya kuelezea miezi iliyopita, lakini rejesho halilipwi kwa wastani. Linalipwa tarehe fulani, kwa fedha iliyopo siku hiyo. Ningeahidi kwa kufuata wastani, Julai peke yake ingenikwamisha. Nikaandika 180,000, mwezi mbaya kuliko yote, na nikaeleza kwenye barua kwa nini nimechagua huo. Baadaye afisa aliniambia hiyo ndiyo sentensi iliyowafanya makao makuu waiamini hesabu iliyobaki, kwa kuwa waombaji wengi huwapelekea mwezi wao bora.

Cha pili kilikuja mwishoni mwa Julai. Shule moja ya sekondari ya binafsi nje kidogo ya mji ilinipa mkataba wa mwaka mmoja, siku tatu kwa wiki, kutunza hesabu za ada. Sh 350,000 kwa mwezi. Huo niliuweka wote kwa sababu una karatasi na mhuri.

Kulikuwa na fedha ya tatu, na hii inawachanganya wengi. Nilikuwa nimeomba fao la upotevu wa ajira NSSF, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Kwangu ilikuwa Sh 299,700. Julai nililipwa ya miezi miwili kwa mpigo, Sh 599,400, ikaingia kwenye akaunti yangu ya benki nyingine. Mkataba wa shule ulipoanza niliwajulisha NSSF na fao likasimama. Je, hiyo ni kipato? Kwa ile barua, hapana. Fedha yenye mwisho haiwezi kubeba rejesho la miaka mitano. Lakini ina kazi yake: kufuta riba iliyolimbikizwa, ili mkopo mpya uanze safi. Nikaiandika kwenye barua waziwazi, na akaunti iliyomo, ingawa ndugu yangu mmoja alinishauri niifiche. Ningeificha halafu wakaja kuiona kwenye taarifa za benki, nisingekuwa na neno la kusema.

Halafu matumizi. Pango langu lilikuwa Sh 120,000 kwa mwezi, na miezi sita niliyolipia Februari ilikuwa inaisha Julai. Nilipopiga hesabu ya kwanza, kipato cha 530,000 kutoa matumizi ya 360,000, nilibaki na 170,000. Kwa 170,000 mkopo ungechukua miezi 70 hivi kuisha. Nikamuuliza afisa kwa simu. Akasema kwao kupanga upya mkopo wa mtu binafsi hakuvuki miezi 60. Basi hesabu ikanirudia mimi. Tulihama Agosti, mimi na wanangu, kwenda vyumba viwili vya Sh 70,000 mbali kidogo na barabara. Binti yangu mkubwa alilia kwa kuacha rafiki zake. Kwenye barua hilo nililiandika kwa mstari mmoja tu, na nakala ya mkataba mpya wa nyumba nikaiambatisha.

Hii hapa barua yenyewe, nikiwa nimeondoa majina na namba za akaunti.

Meneja wa Tawi,
Arusha.
14 Agosti 2023

YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo wa Sh 12,000,000 nilioanza kuulipa Agosti 2021 kwa rejesho la Sh 346,261 kwa mwezi. Nimelipa marejesho 22 bila kuchelewa, la mwisho likiwa la 28 Mei 2023. Marejesho ya Juni na Julai, jumla Sh 692,522, sikuyalipa. Salio la mkopo, mbali na riba ya miezi hiyo, ni Sh 7,487,167.

Sababu ni kwamba nilipunguzwa kazi tarehe 31 Machi 2023. Barua ya mwajiri imeambatishwa.

Sasa nina vyanzo viwili vya kipato. Cha kwanza ni mkataba wa mwaka mmoja wa kutunza hesabu katika shule ya sekondari, Sh 350,000 kwa mwezi, ulioanza 1 Agosti 2023. Cha pili ni kazi ya kuandika vitabu vya maduka manne. Kwa miezi mitatu iliyopita kazi hiyo imeniingizia Sh 240,000, 310,000 na 180,000. Katika ombi hili nimetumia Sh 180,000, kwa kuwa ndiyo kiasi ninachoweza kukitegemea hata mwezi ukiwa mbaya. Jumla ni Sh 530,000.

Matumizi ya kaya yangu kwa mwezi ni: pango Sh 70,000, chakula Sh 150,000, nauli Sh 25,000, umeme na maji Sh 25,000, shule ya watoto Sh 40,000. Jumla ni Sh 310,000. Ili kufikia kiasi hiki nimehamia nyumba ya pango dogo zaidi. Kinachobaki ni Sh 220,000.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, salio la Sh 7,487,167 lipangwe upya kwa miezi 60 kwa riba ileile, ambapo kwa hesabu yangu rejesho litakuwa Sh 186,075. Pili, tarehe ya rejesho ihamishwe kutoka 28 kwenda 8 ya kila mwezi, kwa kuwa shule hulipa kati ya tarehe 1 na 5. Tatu, adhabu ya kuchelewa kwa miezi hii isamehewe. Nne, niruhusiwe kulipa zaidi ya rejesho kipato kikiongezeka, bila tozo.

Kwa upande wangu, nitalipa riba yote iliyolimbikizwa hadi 28 Agosti, Sh 318,204, kabla ya kusaini mkataba mpya. Fedha hiyo inatokana na fao la upotevu wa ajira nililolipwa na NSSF na ipo tayari kwenye akaunti yangu ya benki nyingine; taarifa ya akaunti imeambatishwa. Fao hilo limekoma na sijalihesabu kama kipato. Pia nitasaini agizo la kudumu la malipo ili rejesho likatwe lenyewe.

Mkataba wangu wa shule unaisha 31 Julai 2024. Usipoongezwa, nitawajulisha kwa maandishi kabla ya rejesho la mwezi unaofuata kufika.

Naomba kuwasilisha.

Ni ukurasa mmoja na robo. Nyuma yake kulikuwa na barua ya kupunguzwa kazi, mkataba wa shule, taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu niliyoipigia mistari, barua fupi za wenye maduka wawili waliokubali kuniandikia, mkataba wa nyumba, na taarifa ya akaunti. Nilipeleka nakala mbili. Moja ikabaki, ya pili wakaigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nikarudi nayo. Ile ya kwanza nilimwachia afisa mkononi bila mhuri, na kama ingepotea nisingekuwa na ushahidi kwamba niliwahi kuandika.

Yule afisa alipoisoma aliuliza jambo moja tu: kwa nini nimeandika kwamba mkataba wa shule unaisha. Nilimwambia angeiona tarehe kwenye kiambatisho hata hivyo. Akatikisa kichwa kukubali, akaiweka kwenye faili.

Majibu yalichukua wiki tatu. Katika muda huo simu za kudai ziliendelea, maana wanaopiga hawako meza moja na wanaopokea barua. Kila aliyepiga nilimtajia tarehe ya mhuri na jina la tawi, kwa upole, na wengi waliandika na kuniacha. Nilikwenda tawini mara mbili kufuatilia. Tarehe 28 Agosti ilipofika niliingiza zile Sh 318,204 kama nilivyoahidi, jibu likiwa bado halijaja. Nilisita usiku mzima kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu ilikuwa ndiyo akiba yangu yote kubwa. Lakini niliona kwamba ahadi ya kwanza kwenye barua ikitimia kabla hawajaamua, ndiyo itakayonisemea kule nisikofika.

Tarehe 6 Septemba waliniita. Walikubali kuhamisha tarehe, walisamehe adhabu iliyokuwa imefika Sh 41,000, na walikubali malipo ya ziada bila tozo. Miezi 60 waliikataa. Walitoa miezi 48, rejesho Sh 216,042.

Nilitamani kusema ndiyo hapohapo. Mtu aliyekaa na hofu miezi mitatu, akiletewa kalamu, anasaini. Lakini ile barua ilikuwa mbele yetu, na mstari wa Sh 220,000 ulikuwa unasomeka. Nikamwambia, "Kaka, hii ikipita ninabaki na shilingi elfu nne mwezi mzima. Mtoto akiugua malaria mara moja, nimeshindwa, na mtaniita tena hapa kabla ya Krismasi." Alijua ninasema kweli kwa sababu alikuwa amezikagua zile namba yeye mwenyewe. Akatoka nje kupiga simu, akarudi na miezi 54: Sh 199,315. Hapo ninabaki na elfu ishirini na ushei. Kidogo, lakini kinatosha dawa na daftari. Nikakubali.

Kwa kuwa tarehe ilisogea kutoka 28 Agosti hadi 8 Septemba, nililipa pia riba ya siku hizo 11, Sh 38,359. Tulisaini mkataba wa nyongeza tarehe 8 Septemba 2023. Nilisoma kila ukurasa nikiwa nimesimama kaunta, nikitafuta vitu vitatu: kiwango cha riba, kama kweli ni asilimia 17 ileile, salio la kuanzia, kama hawakuingiza adhabu iliyosamehewa, na idadi ya marejesho. Salio lilikuwa limeandikwa na zile Sh 41,000 ndani yake. Haikuwa hila, mfumo ulikuwa umelivuta salio kabla msamaha haujaingizwa. Walilirekebisha tukiwa hapohapo. Ningesaini bila kusoma, ningelipia riba ya adhabu iliyokwisha kusamehewa kwa miaka minne na nusu.

Sitaki mtu adhani nilipata punguzo. Kwa ratiba ya zamani nilikuwa nimebakiza marejesho 26, jumla Sh 9,002,786. Kwa mpya ninalipa 54, jumla Sh 10,763,010, na juu yake zile riba nilizolipa kabla ya kusaini, Sh 318,204 na Sh 38,359. Tofauti ni Sh 2,116,787, na hiyo ndiyo bei ya muda nilioununua. Niliijua kabla ya kusaini, na niliona inafaa, kwa sababu upande wa pili ulikuwa jina langu kwenye kanzidata na faili kwa wafuatiliaji. Mwenye uwezo wa kulipa rejesho la zamani kwa kujibana miezi michache asikimbilie kupangiwa upya. Na afisa alinionya kwamba kuomba mara ya pili kwa mkopo uleule ni kugumu sana, kwa hiyo namba ya kwanza inatakiwa iwe ya kweli.

Februari 2024 mwenye duka mmoja alifunga, mwingine akachelewa kulipa, na maduka yakaniingizia Sh 120,000 tu. Zile elfu ishirini na kitu za kila mwezi, ambazo nilikuwa nimezikusanya tangu Oktoba kwenye bahasha kabatini, ndizo zilizojazia. Ingekuwa miezi 48, bahasha ingekuwa na Sh 15,000 hivi, na rejesho la Machi lingerudi. Julai mkataba wa shule uliongezwa. Kabla ya tarehe 31 nilipeleka nakala tawini, kama barua ilivyosema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Rejesho la 24 lilikatwa tarehe 8 Septemba 2025. Salio lililosomeka ni Sh 4,843,000 na ushei, marejesho 30 yamebaki. Barua yenye mhuri bado ninayo kwenye bahasha ileile, na wiki iliyopita niliitoa tena, kumpigia nakala mwalimu mmoja wa shuleni ambaye mume wake amepunguzwa kiwandani. Ukurasa wa kwanza niliufunika kwa karatasi, nikamwambia aanze kwa kumuuliza mume wake riba ya mwezi mmoja ni shilingi ngapi.